Kusoma Ramani ya Topografia Iliyopigwa Picha: Mwongozo kwa Mtembeaji Anayeanza

Uwiano wa 1:50,000 unaoandikwa kwenye pambizo ya ramani ya topografia ni kweli juu ya karatasi iliyochapishwa na idara ya upimaji, na hapo tu. Juu ya karatasi hiyo, sentimita moja ni nusu kilomita ardhini. Karatasi ikishapigwa picha kwa simu, maandishi hubaki yaleyale lakini hayaaminiki tena, kwa sababu picha haina ukubwa wake yenyewe. Hukuzwa na kupunguzwa kwa vidole viwili, huchapishwa kwenye karatasi ndogo, hutumwa kwa WhatsApp na kufika ikiwa imebanwa. Kinachosalimika ndani ya picha ni mpangilio: kipi kiko karibu na kipi, mstari upi uko juu ya upi, umbali huu ni mara ngapi ya ule. Anayesoma ramani kutoka kwenye picha hufanya kazi na mpangilio huo, na kila kipimo anachotaka hulazimika kukitoa humohumo ndani ya picha.

Mwongozo huu unamlenga mtembeaji anayeanza, hasa yule ambaye kazi itamtaka awaongoze wengine: mwalimu anayepeleka wanafunzi ziara ya jiografia, msaidizi wa mwongoza watalii, ofisa wa misitu aliyeajiriwa juzi. Watu hawa mara nyingi hukutana na ramani kwa mara ya kwanza kama picha kwenye simu, karatasi yenyewe ikiwa imebaki ofisini kwa mtu mwingine. Mfano utakaofuatwa ni Mlima Longonot, volkano iliyo kusini-mashariki ya Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Kilele chake kina mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kawaida hutoka kwenye lango la hifadhi, lililo karibu mita 2,150, hupanda kilomita 3.1 hadi ukingo wa kreta, kisha huzunguka ukingo huo kwa kilomita 7.2. Kwa kuwa vipimo hivyo vinajulikana, anayejifunza anaweza kuvitumia kuupima usomaji wake kabla hajaenda mahali ambapo hakuna wa kumsahihisha.

Kazi huanza kabla ya kusoma, wakati wa kupiga picha. Ramani hulazwa juu ya meza au hubandikwa ukutani, mikunjo ikinyooshwa, na simu hushikwa sambamba na karatasi, lenzi ikielekea katikati. Ni bora kusimama mbali kidogo na kuvuta picha kuliko kuinama karibu, kwa sababu lenzi pana ya simu hupinda mistari iliyo pembeni. Mwanga wa dirishani kutoka ubavuni unafaa kuliko taa ya simu, ambayo huacha doa jeupe katikati ya ramani, na mara nyingi doa hilo hukaa juu ya sehemu inayohitajika. Picha moja haitoshi. Inahitajika ya karatasi nzima, nyingine za pambizo zote, na kadhaa za karibu za eneo la safari zinazopandana kwa angalau mraba mmoja wa gridi, ili namba za gridi zisipotee kati ya picha na picha. Zikitumwa kwa WhatsApp, zitumwe kama hati, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na mistari myembamba ya kontua ndiyo hufa kwanza.

Mara nyingi, hata hivyo, picha huwa imepigwa na mtu mwingine na haiwezekani kuirudia. Kabla ya kuitumia huna budi kuijaribu, na jaribio lake ni rahisi. Ramani za Kenya na Tanzania za 1:50,000 zina mistari ya gridi inayokata ardhi katika miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja. Mraba ni mraba: pande zake nne ni sawa. Hupimwa upande wa mraba mmoja ulio juu ya picha na wa mwingine ulio chini, kwa ukuzaji uleule wa skrini. Ikiwa wa juu una milimita 18 na wa chini milimita 20, simu ilikuwa imeinama, na kipimo kimoja kikitumiwa kwa picha nzima kitakosea kwa asilimia kumi hivi. Picha ya namna hiyo bado inafaa, ila kila sehemu yake hupimwa kwa mraba wa palepale. Mistari ya gridi iliyopinda kama upinde, au inayovunjika ghafla mahali pamoja, huonyesha mkunjo wa karatasi, na umbali unaopita juu ya mkunjo huo si wa kutegemewa.

Hapo ndipo skeli huingia. Ramani huwa na skeli mbili, ya uwiano na ya mstari. Skeli ya uwiano, yaani zile tarakimu 1:50,000, haina kazi ya kupimia kwenye picha. Kreta ya Longonot ina upana wa karibu kilomita 1.8, kwa hiyo juu ya karatasi halisi ina sentimita 3.6. Mtu aliyeikuza kwenye skrini mpaka ikafika sentimita 7.2, akaweka rula na kuzidisha kwa 50,000, atapata kilomita 3.6, mara mbili ya ukweli. Mwenzake aliyeipunguza kwa nusu atapata nusu ya ukweli. Wote wawili watakuwa wamefanya hesabu sahihi juu ya kitu kisichokuwapo. Kosa hilohilo huwapata wanaochapisha picha kwenye karatasi ya A4 kwa kuiacha mashine ijaze ukurasa: tarakimu 1:50,000 zitachapishwa vizuri kabisa pambizoni, nazo zitakuwa za uongo.

Skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita chini ya ramani, hukua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo hubaki kweli mradi imo ndani ya picha hiyohiyo. Shida yake ni kwamba mtu akikuza eneo la safari, mstari ule huwa umetoka nje ya skrini. Dawa yake ni mraba wa gridi. Huchukuliwa kipande cha karatasi chenye ukingo mnyoofu, kikawekwa kando ya mraba ulio karibu na njia, na ncha mbili za upande wake zikatiwa alama kwa kalamu. Urefu huo ni kilomita moja. Hugawanywa katikati, kisha kila nusu katika sehemu tano, na hapo inapatikana rula yenye vipande vya mita 100. Rula hiyo ina masharti mawili: inafaa kwa ukuzaji uleule tu, na kwa sehemu ileile ya picha. Skrini ikiguswa na picha ikakua, rula hutupwa na kutengenezwa nyingine. Anayeona usumbufu katika hilo achapishe picha, kisha aitengeneze rula mara moja kutoka kwenye miraba ya chapa hiyo.

Njia iliyopinda hupimwa kwa vipande vifupi: ukingo wa karatasi hulazwa juu ya sehemu iliyonyooka, hutiwa alama, huzungushwa kufuata kona, hutiwa alama tena, mpaka mwisho. Mzunguko wa Longonot unafundisha kwa nini vipande viwe vifupi. Duara lenye kipenyo cha kilomita 1.8 lina mzingo wa kilomita 5.7 hivi, lakini njia ya ukingoni ina 7.2. Ile kilomita moja na nusu ya ziada ni kupinda kwa ukingo wenyewe na kuzunguka kwa njia kati ya mawe na makorongo. Anayepima kwa vipande virefu hulikaribia duara, na jioni hushangaa alikochelewa. Wengi hudhani kwamba kinachopotosha umbali ni mwinuko, kwa kuwa ramani hupima ardhi kana kwamba imelala. Kwa kweli athari hiyo ni ndogo: kwenye kilomita 3.1 zinazopanda mita 400, nyongeza haifiki hata mita 30. Kona ndizo hula kilomita.

Ufunguo hauhitaji maelezo marefu, ila unahitaji uaminifu. Alama husomwa kwa ufunguo wa karatasi ileile na toleo lilelile, kamwe si kwa kumbukumbu ya ramani nyingine. Kwa kawaida kontua huwa za rangi ya udongo, maji buluu, mimea kijani, na barabara kuu nyekundu. Picha iliyopigwa chini ya taa ya manjano huchanganya udongo na nyekundu, na picha isiyo na rangi huondoa tofauti zote, kiasi kwamba kontua nyembamba na njia ya miguu hufanana. Zikifanana, hutenganishwa kwa tabia zao: kontua haikati kontua nyingine wala haikomi katikati ya mteremko, na njia hufanya yote mawili. Alama ya kukaguliwa kwanza katika nchi kavu ni mstari wa buluu uliokatika-katika, ambao kwa kawaida huonyesha mto wa msimu. Kikundi kilichopanga kujaza chupa kwenye mstari huo kinaweza kukuta mchanga mtupu. Pambizoni mwa ufunguo kuna pia mwaka wa upimaji au wa marekebisho. Ramani nyingi za eneo hili zilichorwa zamani kutokana na picha za angani. Umbo la mlima halijabadilika tangu hapo kwa kiasi cha kumsumbua mtembeaji; barabara, mashamba na mipaka ya msitu vimebadilika sana.

Kontua ndizo zinazostahili muda mrefu zaidi. Kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye mwinuko mmoja. Kama bonde la Naivasha lingejaa maji mpaka mita 2,200, ufuo wa maji hayo ungeuzunguka Longonot hasa mahali ulipochorwa mstari wa 2,200; yakipanda mita 20 zaidi, ufuo mpya ungekuwa mstari wa 2,220. Anayetembea kando ya mstari hapandi wala hashuki. Anayeukata amepanda au ameshuka hatua moja, na ukubwa wa hatua hiyo huandikwa pambizoni.

Ikiwa pambizo imekatwa kwenye picha, hatua hiyo hutafutwa. Kontua nene huwa na namba. Hutafutwa mbili zinazofuatana, tuseme 2,200 na 2,300, kisha huhesabiwa nafasi zilizo kati yake. Wanaoanza huhesabu mistari, na hapo ndipo wanapokosea. Kati ya nene mbili kukiwa na nyembamba nne, nafasi ni tano, na mita 100 kugawanywa kwa tano ni mita 20. Aliyegawanya kwa nne atapata 25, na kila mwinuko atakaousoma baada ya hapo utakuwa na kosa.

Baada ya hatua huja kizio. Baadhi ya karatasi za zamani za Afrika Mashariki zina kontua za futi, nyingi zikipishana kwa futi 50, ambazo ni mita 15 hivi. Kwenye karatasi ya futi, kilele cha Longonot hukaribia 9,100, na hapo hakuna wasiwasi, kwa kuwa kilele cha juu kabisa nchini Kenya, Batian cha Mlima Kenya, kina mita 5,199. Hatari iko kwenye namba za katikati, kama 3,000 au 4,000, ambazo zinaweza kuwa futi za nyanda za chini au mita za mlima mrefu. Njia ya kutambua ni kutafuta ndani ya picha mahali ambapo mwinuko wake unajulikana. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890, yaani karibu futi 6,200. Kontua zilizo jirani na ufuo zikisoma elfu moja na mia tisa, karatasi ni ya mita. Zikisoma elfu sita na kitu, ni ya futi.

Sasa njia ya Longonot inaweza kusomwa. Tuchukue karatasi ya mita yenye hatua ya 20. Kutoka langoni kwenye mita 2,150, mstari wa kwanza kukatwa ni 2,160, na wa mwisho kabla ya kilele ni 2,760. Hiyo ni mistari 31, sita kati yake ikiwa minene, kuanzia 2,200 hadi 2,700. Kilele chenyewe kiko juu ya 2,760 na chini ya 2,780. Kontua hazisemi zaidi ya hapo, na ndiyo sababu ramani huongeza nukta yenye namba. Anayehesabu na kupata mistari 15 au 45 anajua papo hapo kwamba amesoma hatua au kizio vibaya.

Ukali wa mteremko husomwa kwa ukaribu wa mistari, nao pia hupimwa kwa mraba wa gridi, kamwe si kwa milimita za skrini. Nafasi tano za mita 20, yaani mita 100 za mwinuko, zikienea juu ya nusu ya mraba, ambayo ni mita 500, mteremko ni asilimia 20, na mtembeaji wa kawaida anaupanda akihema. Zikibanwa kwenye robo ya mraba, mita 250, ni asilimia 40: mwendo wa polepole na mapumziko mengi, na wakati wa kushuka majivu makavu huteleza chini ya kiatu. Zikibanwa ndani ya mita 100, mteremko ni nyuzi 45, na hapo hapapitwi na mtu anayeanza. Kwenye picha iliyokuzwa mteremko mkali huonekana mpole, kwa kuwa macho huona nafasi pana kati ya mistari. Hakuna udanganyifu wa picha ulio hatari kuliko huo, na kinga yake ni kulinganisha na mraba kila mara.

Kuna pahala kwenye Longonot ambapo usomaji wa mazoea hushindwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kontua zinazojifunga kwa duara ndani ya duara ni kilima. Kanuni hiyo hufaa mpaka anapofika ukingoni mwa kreta. Kutoka nje namba hupanda, hufika ukingoni, kisha ndani ya duara huanza kushuka. Kwenye picha yenye ukungu, ambamo namba hazisomeki, kreta huweza kudhaniwa kilele cha pili, tena kirefu na chenye miteremko mikali. Baadhi ya ramani huweka vijistari vifupi kwenye kontua za shimo, vikielekea ndani. Ushahidi wa hakika zaidi ni namba mbili sawa zinazofuatana. Tuseme upande fulani wa ukingo kontua ya 2,600 inapita nje na nyingine ya 2,600 inapita ndani, na kati yao hamna mstari. Ardhi imepanda, imegeuka na kuanza kushuka katikati yao. Ukingo pale ni zaidi ya 2,600 na haufiki 2,620. Namba mbili sawa zilizo jirani daima huonyesha kwamba ardhi imegeuka, iwe kwa mgongo au kwa bonde, na mtembeaji aliyeielewa alama hiyo moja anaweza kuufuata ukingo wote wa kreta kwenye picha bila kuona njia iliyochorwa.

Umbali kati ya mistari hiyo miwili nao una habari. Ukiwa chini ya sehemu ya kumi ya upande wa mraba, mgongo ambao kikundi kitatembea juu yake una upana usiofika mita 100 kutoka mteremko hadi mteremko, na upande mmoja wake ni ukuta wa kreta. Kwenye ukuta huo kontua hukaribiana hadi picha hufanya doa moja la rangi ya udongo. Hapo swali ni je, doa limetokana na ardhi au na picha mbaya? Huangaliwa maandishi madogo yaliyo jirani. Herufi zikiwa zinasomeka vizuri na mistari bado imeungana, ni genge. Herufi nazo zikiwa zimeyeyuka, picha ndiyo yenye kasoro, na hakuna uamuzi wa njia unaopaswa kufanywa juu yake.

Kwenye miteremko ya nje, kontua za Longonot hupindapinda kama meno. Majivu ya volkano ni laini, na mvua imechimba makorongo yanayoshuka kutoka ukingoni kuelekea kila upande. Mstari unapokata korongo, ncha yake huelekea juu ya mlima. Unapokata mgongo ulio kati ya makorongo mawili, ncha huelekea chini. Kwenye picha iliyozungushwa ni rahisi kubadilisha moja kwa nyingine, kwa hiyo kwanza hutafutwa upande wenye namba kubwa. Ramani nyingi huandika namba za kontua vichwa vyao vikielekea juu ya mteremko, lakini ni salama zaidi kusoma namba mbili kuliko kuamini mkao wa moja. Tena kuna mpaka wa kukumbukwa: korongo lenye kina cha mita 12 linaweza kupita kati ya kontua za hatua ya 20 bila kuonekana kabisa. Njia ya mkato inayoonekana laini kwenye picha inaweza kukatwa na makorongo kadhaa ya aina hiyo. Ndiyo maana kukaa kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa ni sehemu ya kusoma ramani vizuri.

Umbali na mwinuko vikishapatikana, hupatikana muda. Kanuni inayotumika tangu 1892, ya mpanda milima wa Uskoti William Naismith, kwa vipimo vya leo hutoa saa moja kwa kila kilomita tano na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Longonot kutoka langoni, kuzunguka na kurudi ni kilomita 3.1, 7.2 na 3.1, jumla 13.4, ambazo ni saa mbili na dakika 41. Kupanda hakupungui mita 626, yaani saa moja na dakika tatu. Jumla ni saa tatu na dakika 44, bila mapumziko. Hiyo ni chini ya ukweli. Ukingo wa kreta hushuka na kupanda tena, na kila kontua inayokatwa kwa kupanda lazima ihesabiwe hata kama iliyotangulia ilikatwa kwa kushuka. Isitoshe, Naismith alikadiria mwendo wa mtu mwenye nguvu. Kiongozi wa wanaoanza hufanya busara akipanga saa sita, na akiweka saa ya kugeuka ambayo kikundi kizima kinaijua kabla ya kuondoka langoni.

Wapo watakaotaka kuunganisha picha na simu kwa kusoma viwianishi vya GPS na kuvitafuta kwenye gridi. Hilo linawezekana kwa tahadhari moja. Ramani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania hujengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, na jina lake huandikwa pambizoni; simu hutumia WGS 84. Viwianishi vilevile katika mifumo hiyo miwili huangukia mahali tofauti, na katika eneo hili tofauti hufika karibu mita 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye ukingo wenye upana wa mita 100, kosa hilo humweka mtu ndani ya kreta. Programu za ramani zenye chaguo la Arc 1960 huondoa tatizo. Pasipokuwa na chaguo hilo, mahali hutambuliwa kwa umbo la ardhi: mgongo uko upande gani, korongo lipi limevukwa, kilele kinaonekana wapi. Usomaji huo wa kontua huthibitishwa kwa macho, wala hautegemei chaji ya simu.

Yanabaki masuala ya haki na wajibu, nayo si ya pembeni. Ramani hizi zina hakimiliki iliyoandikwa pambizoni, na karatasi huuzwa na idara za upimaji. Nchini Kenya makao yake yako Ruaraka, Nairobi. Anayepanga kuongoza watu kwa malipo ana sababu mbili za kununua karatasi halisi: ni haki ya waliofanya kazi ile, na ndiyo nakala pekee ambayo kipimo chake hakibadiliki. Picha hubaki msaada wa mazoezi na akiba ya njiani. Wanaotembea nyuma ya kiongozi wana haki ya kujua anaongoza kwa kitu gani: kama ni picha, ya mwaka upi, na ni sehemu gani ambayo haikusomeka. Maelekezo ya askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya langoni, kuhusu njia iliyofungwa au ukingo ulioporomoka, hutangulia chochote kilichosomwa kwenye picha, kwa kuwa wao waliuona mlima asubuhi hiyo.

Picha inapopelekwa kwa mwingine, huambatanishwa na maandishi mafupi yenye jina na namba ya karatasi, toleo na mwaka wake, kizio cha mwinuko, hatua ya kontua, mfumo wa viwianishi, na taarifa kwamba mraba mmoja wa gridi ni kilomita moja. Ikiwa picha imekatwa, imezungushwa au imepita juu ya mkunjo, hilo nalo huandikwa, pamoja na mraba ambao kasoro inaanzia.